Ruta Mpya, Mipangilio Ileile

Mvua za kwetu mwambao wa Ziwa Nyasa huingia kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na msimu wa mvua ndio msimu wa radi. Radi haihitaji kuipiga nyumba yenyewe ndipo iharibu ruta. Ikianguka karibu, nguvu yake hupita kwenye waya wa umeme au kwenye waya mrefu wa mtandao uliotoka kwenye antena ya juu ya paa, ikaingia kwenye tundu la kwanza la ruta, na kazi ikaishia hapo.

Jioni ya leo nataka tuzungumzie kinachofuata baada ya hapo. Umenunua ruta mpya, imefika, umeichomeka, taa zinawaka, lakini haijui lolote kuhusu duka lako. Haijui jina la waifai yako, haijui nywila, wala haijui vocha ulizouza jana.

Tuchukue duka moja la mfano hapa Lipingo, wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Mama mwenye duka anauza sukari, sabuni, dagaa, na vocha za waifai. Intaneti anaipata kwa modemu ya laini ya simu, na modemu ameiunganisha kwa waya na ruta ya MikroTik, aina ya RB951Ui-2HnD, yenye matundu matano ya waya na antena ndani yake. Duka hili ni la mfano, lakini ruta hiyo ni ya kweli, na ndugu zake utawakuta kwa wauza vocha wengi wa Afrika Mashariki. Kampuni inayozitengeneza iko Latvia, na ilianza mwaka 1996. Wauza vocha wanazipenda kwa sababu kazi yote ya vocha, yaani ukurasa wa kuingilia, muda wa kila mteja na kasi yake, inafanyika ndani ya ruta yenyewe.

Sasa radi imepiga. Kabla ya kuhesabu kwamba ruta imekufa, ipime. Taa ya umeme ikiwaka lakini taa ya tundu la kwanza haiwaki hata ukiweka waya mzima uliohakikishwa, basi mara nyingi kilichoungua ni tundu hilo peke yake. Chomeka kompyuta kwenye tundu la tatu au la nne, fungua programu ya Winbox, uone kama ruta inajitokeza. Ikijitokeza, una nafasi ya kutoa mipangilio yote hata kama hukuwahi kutunza nakala. Usibonyeze kitufe cha risiti kwa kujaribu bahati. Kitufe kile hakiponyi tundu lililoungua. Kitakachofanya ni kufuta kilichokuwa bado kizima.

Kwa ruta kama hii kuna nakala za aina mbili, na kwa maoni yangu kutokujua tofauti yake ndiko kunakowaumiza watu zaidi ya kutokuwa na nakala kabisa. Mtu ana faili, amelitunza vizuri, siku ya shida linakataa kuingia, au linaingia na kuleta matatizo mapya.

Aina ya kwanza inatengenezwa kwa amri hii, ukiwa kwenye dirisha la Terminal ndani ya Winbox:

```
/system backup save name=lipingo password=NENO-LAKO
```

Linatoka faili liitwalo lipingo.backup. Hili ni kama kiatu kilichoshonwa kwa kipimo cha mguu mmoja. Ndani yake mna kila kitu cha ruta ile: majina ya watumiaji na nywila zao, vocha, na hata namba za utambulisho za matundu yake, zile ziitwazo anwani za MAC. Huwezi kulifungua ukalisoma, na huwezi kulirekebisha. Limekusudiwa kurudi kwenye ruta ileile, na ikiwezekana yenye toleo lilelile la programu. Ukiwa umechezea mipangilio ukaharibu, au mtoto amebonyeza kitufe cha risiti, hili ndilo la kutumia. Unalirudisha kwa `/system backup load name=lipingo.backup`, unaandika ile nywila, ruta inazima na kuwaka, na duka linaendelea na kazi. Nywila hiyo iandike kwenye daftari la hesabu za duka, kwa sababu ukiisahau faili halifunguki tena.

Aina ya pili ni ya maandishi:

```
/export file=lipingo
```

Hapa linatoka faili liitwalo lipingo.rsc. Unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya maandishi ukalisoma mstari kwa mstari, maana kila mstari ni amri ambayo ungeweza kuiandika kwa mkono wako. Ndiyo maana hili linaweza kuhamia ruta ya aina nyingine, kwa sharti kwamba ulisome kwanza na kulirekebisha. Ruta ya mama wa Lipingo bado ina toleo la 6 la programu, na kwake amri hiyo inatosha. Kwenye toleo la 7 lazima uongeze neno moja, iwe `/export show-sensitive file=lipingo`, la sivyo nywila zote zinaachwa nje ya faili, na hutajua mpaka siku ya kurudisha.

Kwa nini nasisitiza aina ya pili kwa watu wa huku? Kwa sababu ya umbali. Barabara ya lami ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imetupunguzia taabu kubwa, lakini ruta ya kubadilisha bado inatoka Mbinga, Songea, na mara nyingi Dar es Salaam. Ukiagiza unapokea iliyopo dukani. Ukitaka RB951 unaambiwa imekwisha, imekuja ya kisasa zaidi. Sasa faili lako la .backup lilipimwa kwa RB951, na ruta iliyoletwa na basi ni nyingine.

Wengine hulilazimisha. Likikubali kuingia, linakuja na zile namba za MAC za ruta ya zamani. Ruta ya zamani ikija kutengenezwa na kurudishwa kwenye mtandao huohuo, kunakuwa na vifaa viwili vyenye utambulisho mmoja, na mtandao unapatikana na kukatika bila sababu inayoonekana. Dawa ipo, kila tundu lina amri ya `/interface ethernet reset-mac-address`, lakini anayejua kwamba hiyo ndiyo shida ni mmoja kati ya wengi.

Kwa hiyo tunza mafaili yote mawili, na yatunze nje ya ruta. Hili la nje ya ruta linahitaji maelezo. Faili ukilitengeneza linakaa kwanza ndani ya ruta yenyewe, kwenye dirisha la Files. Kwenye ruta nyingi ndogo za MikroTik utaona humo folda iitwayo flash. Kilicho nje ya folda hiyo kinakaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, na umeme ukikatika kimepotea. Na huku kwetu umeme kukatika ni jambo la kawaida. Hata kilicho ndani ya flash hakikusaidii kama ruta nzima imeungua. Basi ukimaliza kutengeneza, buruta mafaili kutoka Files uyaweke kwenye kompyuta, kisha unakili kwenye flashi au kadi ya kumbukumbu inayokaa nyumbani na si dukani. Yape majina yenye tarehe. Na usiyarushe kwenye kundi la WhatsApp la mafundi ili wakusaidie, kwa sababu faili la .rsc ni maandishi matupu. Nywila yako ya waifai imo humo, inasomeka kama barua.

Turudi dukani. Ruta iliyofika ni hAP ax², yenye toleo la 7. Ina matundu matano pia, lakini ndani ina redio mbili za waifai badala ya moja. Mama, au kijana wake anayejua kompyuta, anafungua lipingo.rsc na kuanza kusoma. Karibu na mwanzo wa faili kuna mstari wenye alama ya reli unaotaja aina ya ruta ya zamani. Chini yake mistari kama hii:

```
/interface bridge
add admin-mac=XX:XX:XX:XX:XX:XX auto-mac=no name=bridge-vocha
/interface wireless
set [ find default-name=wlan1 ] disabled=no mode=ap-bridge \
    ssid=DUKA-LIPINGO
/interface bridge port
add bridge=bridge-vocha interface=ether2
add bridge=bridge-vocha interface=wlan1
```

Mahali palipoandikwa XX pana namba za kweli, na ndizo za ruta iliyokufa. Kwa hiyo neno la `admin-mac` na lile la `auto-mac=no` yanafutwa, ruta mpya ijichagulie namba yake.

Kisha inakuja habari ya waifai. Ruta ya zamani iliita redio yake wlan1, na mipangilio yake ilikaa chini ya `/interface wireless`. Ruta mpya haina kitu chenye jina hilo kabisa. Redio zake zinaitwa wifi1 na wifi2, na ziko chini ya `/interface wifi`. Mistari yote ya wireless, pamoja na ile ya `security-profiles`, inaondolewa, na badala yake inaandikwa hivi:

```
/interface wifi
set [ find default-name=wifi1 ] configuration.mode=ap \
    configuration.ssid=DUKA-LIPINGO disabled=no
set [ find default-name=wifi2 ] configuration.mode=ap \
    configuration.ssid=DUKA-LIPINGO disabled=no
```

Kwenye mistari ya `bridge port`, ule wa wlan1 unabadilishwa kuwa miwili, mmoja wa wifi1 na mwingine wa wifi2. Kama waifai ya vocha iko wazi, bila nywila, kwa kuwa mteja anazuiwa na ukurasa wa kuingilia, haihitaji zaidi ya hapo.

Ona sasa jambo ambalo fundi aliyeifunga ruta hii mwanzoni alilifanya vizuri. Matundu na waifai vyote aliviunganisha kwenye daraja moja, akaliita bridge-vocha, kisha anwani, ugawaji wa anwani kwa wateja na huduma nzima ya vocha akaviweka juu ya daraja hilo. Hakuna hata kimoja alichokifunga moja kwa moja kwenye wlan1. Matokeo yake, kubadilisha ruta kumegusa mistari michache tu. Kama huduma ya vocha ingefungwa kwenye wlan1 yenyewe, jina hilo lingetokea kwenye anwani, kwenye ugawaji, kwenye vocha, na pengine kwenye sheria za ulinzi, na kila mahali lingehitaji kusakwa na kubadilishwa. Kwa hiyo ukimwita fundi akufungie mtandao wa vocha, mwombe afanye hivyo tangu siku ya kwanza.

Kuna mstari mmoja zaidi unaowakwamisha wanaohama toleo la 6 kwenda la 7, nao ni wa saa. Ruta hizi ndogo hazina betri ya saa. Umeme ukikatika zinasahau tarehe, na ruta inaweza kurudi mwaka 1970 hadi ichukue saa kutoka kwenye intaneti. Amri ya kuchukua saa imebadilika kati ya matoleo hayo mawili. Mstari wa zamani wenye `primary-ntp` unafutwa, na mpya ni huu:

```
/system ntp client set enabled=yes
/system ntp client servers add address=0.africa.pool.ntp.org
```

Usidhani ni jambo dogo. Vocha zenye tarehe ya mwisho zinaitegemea saa hiyo, na ikiwa imekosea, vocha nzima inaonekana imekwisha au iliyokwisha inaonekana nzima.

Wakati ungali unalisoma faili, soma pia kwa jicho la usalama. Mwaka 2018 ruta za MikroTik zilikutwa na tundu la hatari kwenye Winbox. Kampuni ilitoa toleo lililoziba tundu hilo, 6.42.1, mwezi Aprili mwaka huohuo, lakini ruta nyingi duniani hazikuboreshwa, na wavamizi wakaziingia. Mwezi Mei ikaja habari ya kirusi kilichoitwa VPNFilter, kilichoingia angalau ruta 500,000 za kampuni mbalimbali katika nchi 54, mpaka polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, wakawataka wenye ruta wazizime na kuziwasha upya. Wavamizi wa MikroTik walikuwa na mazoea ya kuacha kazi zao ndani ya mipangilio yenyewe: ratiba inayojiendesha chini ya `/system scheduler`, maandiko chini ya `/system script`, au mlango uliofunguliwa chini ya `/ip socks`. Ukichukua nakala ya ruta iliyoingiliwa namna hiyo, unamnakili na mvamizi wako. Ukirudisha faili la .backup anarudi naye, wala humwoni. Kwenye .rsc unamwona. Ukikuta ratiba inayopakua kitu kutoka tovuti usiyoijua, au `/ip socks` iliyowashwa na hukumbuki kuiwasha, ifute mistari hiyo kabla hujaiingiza. Tahadhari moja: baadhi ya programu za kutengenezea vocha, Mikhmon kwa mfano, huweka ratiba zao halali za kuondoa vocha zilizokwisha. Hizo zinataja vocha na majina ya vifurushi vyako, usizifute.

Sasa kuingiza. Ruta mpya inatoka kiwandani ikiwa na mipangilio yake: daraja lake, anwani yake ya 192.168.88.1, ugawaji wake. Ukimwaga faili lako juu ya hiyo, vinagongana, unaambiwa kitu hicho kipo tayari. Kwa hiyo iweke tupu kwanza:

```
/system reset-configuration no-defaults=yes skip-backup=yes
```

Ikiwaka tena haitakuwa na anwani yoyote. Kwenye Winbox fungua sehemu ya Neighbors, utaiona kwa namba yake ya MAC, bonyeza namba hiyo uingie nayo. Hakikisha waya wa kompyuta uko kwenye tundu la pili, si la kwanza. Buruta lipingo.rsc kwenye Files, kisha:

```
/import file-name=lipingo.rsc verbose=yes
```

Kuna njia ya mkato inayosifiwa, ya kuiambia ruta ijirisiti na kuingiza faili yenyewe mara ikiwaka. Mimi siipendekezi kwa kuhamia ruta ya aina nyingine. Faili likikutana na mstari usioeleweka linasimama palepale, na yote yaliyo chini yake hayaingii, na kwa njia ya mkato huoni lilikosimama. Unakuta waifai ipo lakini ukurasa wa vocha haupo, unabaki kubahatisha. Kwa `verbose=yes` unaona kila mstari ukipita. Ukisoma `bad command name wireless`, ujue umesahau kufuta mstari wa waifai ya zamani. Ukisoma `input does not match any value of interface`, ujue kuna mahali wlan1 bado imebaki.

Na likisimama katikati, usirekebishe na kuliingiza lote tena juu ya lililoingia nusu. Mistari ya juu tayari imo, itagongana na nafsi yake. Ama iweke ruta tupu tena uanze mwanzo, ama ukate mistari iliyobaki uibandike kwenye Terminal. Kuanza mwanzo ni salama zaidi na hakuchukui muda mrefu.

Faili limeingia lote. Bado kuna vitu visivyomo ndani yake, na hapa naomba usikivu wako. Cha kwanza ni watumiaji wa ruta. Faili la .rsc halibebi jina la admin wala nywila yake. Baada ya kuingiza, nywila ya kuingilia ruta ni tupu, au ni ile iliyobandikwa chini ya ruta mpya. Mteja yeyote aliyeunganishwa na waifai yako anaweza kujaribu kuingia. Weka nywila kabla hujafanya lolote lingine:

```
/user set admin password=NYWILA-MPYA
```

Cha pili ni ukurasa wa kuingilia vocha. Kama ulitengenezewa ukurasa wenye jina la duka, bei na namba ya simu, ule ni mkusanyiko wa mafaili ndani ya folda ya hotspot. Haumo kwenye .rsc na haumo kwenye .backup pia. Folda hiyo lazima uiburute kwenye kompyuta peke yake, na peke yake uirudishe. Wengi hugundua hili wanapoona mteja analetewa ukurasa wa MikroTik wa kawaida badala ya wao.

Cha tatu ni vocha, na hapa ndipo fedha ilipo. Vocha zenyewe zimo kwenye faili, kila moja na muda iliyopewa. Lakini faili linabeba kilichopangwa, halibebi kilichotumika. Mteja aliyenunua saa 24 akatumia 20, kwenye ruta mpya anaanza tena na 24. Hiyo ni hasara ndogo ya mwenye duka. Kubwa ni nyingine. Vocha zilizotengenezwa baada ya tarehe ya nakala hazimo kabisa. Mteja atakuja asubuhi, "Shikamoo mama, ile vocha ya jana inanikatalia," naye ana haki, amelipa. Kama programu yako ya vocha inaandika tarehe ya mwisho kwenye maelezo ya kila vocha, tarehe hiyo inasafiri na faili, na ile hasara ya kwanza inapungua. Hii ya pili haina dawa isipokuwa nakala ya karibuni.

Kwa hiyo tenganisha vitu viwili. Mipangilio ya ruta haibadiliki kila siku. Inatosha kutoa nakala kila unapobadilisha kitu, na nyingine kabla ya mvua kuanza. Vocha zinabadilika kila zinapotengenezwa. Hizo zitolee faili lake, kila unapomaliza kutengeneza fungu jipya:

```
/ip hotspot user export file=vocha
```

Kwenye toleo la 7 kumbuka `show-sensitive`. Faili hili halina habari ya redio wala matundu, lina vocha na vifurushi vyake tu, kwa hiyo vocha zinaingia kwenye ruta ya aina yoyote ya MikroTik bila kurekebisha mistari yake, ilimradi vifurushi vimeshaingia kupitia faili kubwa na ilimradi vocha hizohizo hazimo tayari. Njia nyepesi ni kufuta sehemu ya `/ip hotspot user` kwenye lipingo.rsc na sehemu ya `/ip hotspot user profile` kwenye vocha.rsc, uingize lipingo.rsc kwanza, halafu uingize vocha.rsc. Angalia usije ukafuta `/ip hotspot user profile` kwenye lipingo.rsc, maana hivyo ndivyo vifurushi vyenyewe.

Msikilizaji ambaye hana biashara ya vocha, ana ruta ya kawaida ya nyumbani tu, TP-Link kwa mfano, kwako ni rahisi zaidi na pia ni finyu zaidi. Ingia kwenye 192.168.0.1, tafuta System Tools, kisha Backup & Restore, bonyeza Backup, utapata faili moja la .bin. Faili hilo ni la ruta ya aina ileile na toleo lilelile la kifaa, lililoandikwa kwenye karatasi iliyo chini yake. Halisomeki wala halirekebishwi. Ukibadilisha aina ya ruta halikusaidii, kwa hiyo pamoja nalo piga picha za kurasa tatu kwa simu: ukurasa wa intaneti, wa waifai, na wa DHCP. Kwenye ruta mpya andika jina lilelile la waifai na nywila ileile, herufi kwa herufi, kubwa na ndogo. Simu zote za nyumbani zitaingia zenyewe bila mtu kuambiwa nywila tena.

Limebaki jambo la ruta iliyoungua. Kama inawaka na ni tundu moja tu lililokufa, bado ina kazi. Inaweza kutumika kwa matundu yaliyobaki au kuuzwa kwa fundi wa vipuri. Kabla haijatoka mikononi mwako, irisiti. Kama haiwaki kabisa, huwezi kuirisiti, lakini mipangilio yako bado imeandikwa kwenye kumbukumbu yake, na fundi mwenye vifaa anaweza kuifufua na kuisoma. Ukiitoa ikiwa katika hali hiyo, badilisha kwanza nywila yoyote iliyokuwamo: ya waifai ya nyumbani kama ipo, ya kuingilia modemu, na ya barua pepe kama ruta ilikuwa inakutumia taarifa. Ukishabadilisha, toa nakala mpya ya ruta inayofanya kazi, kwa sababu zile za zamani sasa zina nywila zisizotumika tena.